Barua pepe ya makabidhiano: anza na simu itakayoita kesho

*"Shikamoo. Mimi ni afisa ugavi msaidizi kwenye asasi ya kilimo hapa Makambako. Tarehe 1 Oktoba nahamia ofisi yetu ya Mbeya, kitengo cha ufuatiliaji na tathmini. Kaka anayepokea meza yangu anatoka Songea na tutakaa pamoja siku mbili tu. Bosi anataka nimwandikie barua pepe ya makabidhiano: kazi zinazoendelea, watu muhimu, tarehe za mwisho na mafaili yalipo. Kazi kubwa ni miche ya parachichi ya wakulima 40 wa Wanging'ombe pamoja na malori ya kuibeba, halafu kuna ghala tulilopanga. Nimeandika kurasa nne lakini nikizisoma naona kama naomba kazi. Niweke nini, niache nini?"*

Marahaba, na karibu Mbeya. Anza kwa kufuta. Pitia hizo kurasa nne, na kila penye "nilisimamia kwa ufanisi" au historia ya mradi tangu ulipoanza, toa. Hayo yahifadhi kwa ajili ya tathmini ya mwaka. Kaka yako wa Songea hatakuwa na muda nayo. Tarehe 1 asubuhi simu itaita, na atataka kujua anayepiga ni nani, anadai nini, na yeye amjibu nini.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tena, kaa na simu yako. Fungua orodha ya waliokupigia wiki mbili zilizopita, na jumbe zako za WhatsApp za kazi. Kila jina pale ni kazi inayoendelea, hata kama haimo kwenye maelezo yako ya kazi. Mwenye kitalu anauliza salio lake. Mhasibu anauliza risiti. Mtendaji wa kijiji anauliza miche inakuja lini, kwa sababu wakulima wanamuuliza yeye. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwenye barua pepe ulizotuma ambazo hazijajibiwa. Hizo ndizo husahaulika zaidi, maana ukishatuma unajiona umemaliza, kumbe jambo limelala upande wa pili na hakuna atakayeliamsha wewe ukiondoka.

Sasa tuingie kwenye miche. Namba nitakazotumia ni za mfano, weka zako. Wengi wangeandika hivi: "Ununuzi wa miche ya parachichi unaendelea vizuri, mkataba umeshasainiwa na malipo ya awali yamefanyika." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii mtu kitu. Ukiisoma hujui ufanye nini kesho. Linganisha na hii:

> Miche ya parachichi, wakulima 40. Mkataba ni wa miche 3,200 iliyobebeshwa (ekari moja kwa kila mkulima, miche 80 kwa ekari), shilingi 5,000 kwa mche, jumla 16,000,000. Malipo ya awali, 8,000,000, yalitoka tarehe 12 Septemba. Salio litalipwa miche yote ikishapokelewa.
>
> Ilipofikia: Miche bado iko kitaluni. Niliikagua tarehe 22 Septemba. Iliyo tayari ni 2,000; mingine 1,200 bado mifupi, ndiyo maana tunachukua kwa awamu mbili: 24 Novemba na 8 Desemba.
>
> Tunamsubiri nani: Mwenye kitalu atupe risiti ya EFD ya malipo ya awali. Nilimkumbusha tarehe 25 Septemba. Bila risiti hiyo mhasibu hatagusa salio.
>
> Hatua yako ya kwanza: Tarehe 3 Oktoba mpigie mwenye kitalu kuhusu risiti. Ikipatikana, ipige picha, iweke kwenye folda ya Malipo, na nakala halisi umpe mhasibu.
>
> Tuliyokubaliana kwa mdomo: Mche utakaokufa njiani ataubadilisha bure, ila tumwarifu ndani ya siku 7 tangu kupokea. Halimo kwenye mkataba.

Kipengele cha mwisho ndicho ninachokitafuta kwanza kila ninapoletewa barua ya makabidhiano. Mkataba utasomwa na yeyote, upo kwenye faili. Malipo mhasibu anayo. Lakini lile mlilokubaliana na mwenye kitalu mkiwa mmesimama kwenye kivuli cha neti halipo popote isipokuwa vichwani mwenu wawili, na mmoja wenu anahama. Desemba kaka yako akipiga simu kudai miche 60 iliyokauka, ataambiwa, "Mimi nilizungumza na dada, wewe sikujui," na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Kulitaja kwenye barua pepe ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kulithibitisha na mwenyewe kabla hujaondoka, kwa ujumbe mfupi ambao utabaki kama ushahidi: "Shikamoo mzee. Kuanzia tarehe 1 Oktoba kaka yangu fulani ndiye atakayefuatilia miche. Nimemweleza tulivyokubaliana, kwamba mche utakaokufa njiani utaubadilisha tukikuarifu ndani ya siku 7. Naomba unijibu kama ndivyo." Akijibu "ndiyo", piga picha ya kioo cha simu uihifadhi kwenye folda ya mkataba. Akijibu "hapana, nilisema siku 3", bora mjue leo. Na akikaa kimya, andika kwenye barua pepe kwamba hajathibitisha. Usimpe mwenzako uhakika ambao huna.

Fanya hivyo kwa kila kazi iliyo hai. Ukiwa mkweli hazitazidi sita au saba. Iliyokwisha kabisa itaje kwa mstari mmoja chini, na kama kuna iliyokwama au iliyoharibika, iandike ilivyo bila kujitetea. Bosi ataijua tu, na ni heri aisome kwako kuliko kuisikia kwa msambazaji.

Kwenye tarehe ndipo nina ugomvi na barua nyingi. Watu huandika tarehe ya mwisho kama inavyosomeka kwenye mkataba: "24 Novemba, kuchukua miche awamu ya kwanza." Mgeni akiisoma mwanzoni mwa Oktoba anaona ana karibu miezi miwili mbele yake, anaisogeza pembeni. Tarehe anayoihitaji ni ile ya kuanza kuhangaika, na hiyo unaijua wewe peke yako kwa sababu unajua kila hatua kwenu inakula siku ngapi.

Hesabu kurudi nyuma. Tuseme malori yanatakiwa kitaluni tarehe 24 Novemba. Mwenye lori anataka LPO mkononi siku kumi kabla, kwa hiyo iwe imetoka tarehe 14. LPO haitoki bila idhini ya ofisi ya Mbeya, na umeshaona idhini inachukua wiki mbili, basi jalada lifike Mbeya tarehe 31 Oktoba. Jalada linatakiwa liwe na bei kutoka kwa wasafirishaji watatu, na kuzikusanya ni wiki nzima, maana kuna mmoja lazima atakuzungusha. Umefika tarehe 24 Oktoba. Hiyo ndiyo ya kuandika kwa wino mzito: "24 Oktoba: anza kuomba bei za malori." Tarehe 24 Novemba iweke pembeni yake kama sababu.

Na sababu yenyewe ieleze kwa sentensi moja, hasa kwa mtu asiyejua mradi. Nyanda za juu tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza mwezi wa kumi na moja na kwisha mwezi wa nne au wa tano. Mche uliopandwa mapema unapata miezi mingi ya kushika mizizi kabla ya kiangazi. Ukichelewa hadi Februari, mkulima atamwagilia kwa ndoo kuanzia Juni, na wengi hawatamwagilia. Tena mvua zikikolea barabara za vijijini zinateleza, na mwenye lori aliyekubali bei ya Novemba atataka nyingine. Akijua hayo, kaka yako siku ratiba ikivurugika ataweza kuamua mwenyewe kipi kinasogezeka na kipi hakisogezeki.

Tarehe zinazojirudia ziweke mbali na hizi za mara moja. Ghala lenu ni mfano mzuri. Tuseme kodi ni 600,000 kwa mwezi na mnalipa kwa miezi mitatu, yaani 1,800,000. Kwenye pango asasi inatakiwa kuzuia asilimia 10, hivyo 180,000 inakwenda TRA na mwenye ghala anapata 1,620,000. Kodi hiyo ya zuio inapaswa kufika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi ambao malipo yamefanyika kwisha. Anayeipeleka ni mhasibu, si wa ugavi, lakini mhasibu hawezi kama hati za malipo zimelala kwenye droo yako. Kwa hiyo kwa mpokeaji tarehe yake siyo 7. Andika: "Siku ya mwisho ya kila mwezi: hati zote za malipo ya mwezi huo ziwe kwa mhasibu." Na kwa kuwa mwenye ghala kila robo mwaka atapiga simu kuuliza mbona hela imepungua, ongeza: "Mpe nakala ya cheti cha kodi ya zuio, mhasibu ndiye anayekitoa." Mstari huo utamwokolea mwenzako mabishano ya asubuhi nzima.

Hapo tumeshaingia kwenye watu. Orodha ya majina na namba tupu haitoshi. Kwa kila mtu sema anaamua nini, anapatikana vipi, na mara ya mwisho mmeachana wapi. "Mtendaji wa kijiji: ndiye anayewakusanya wakulima. Apigiwe simu, ujumbe hasomi. Anataka taarifa siku 5 kabla ya mkutano. Nimemwahidi orodha ya watakaopokea awamu ya kwanza ifikapo 10 Novemba." Ahadi uliyoitoa ni deni linalohama pamoja na meza, kwa hiyo isikosekane.

Chunga kalamu unapoeleza tabia za watu. Barua pepe husambazwa, na huko Makambako na Njombe kila mtu ni shemeji wa mtu. Usiandike "dereva huyu ni mjanja mjanja". Andika unachotaka kifanyike: "Mafuta tunamlipia moja kwa moja kituoni, hatumpi fedha taslimu." Ujumbe umefika na hakuna aliyetukanwa. Yanayobaki mwambie mwenzako kwa mdomo mkiwa mnakunywa chai.

Zile siku mbili za pamoja usizimalizie kwenye kompyuta. Siku moja itoe kwa ajili ya kutambulishana. Mpigie mwenye kitalu, mtendaji, mwenye ghala na msafirishaji, simu iwe kwenye spika, kaka yako akiwa kando, wasalimiane wasikie sauti zao. Kama mnaweza kufika kitaluni na gari la ofisi, nendeni. Mzee aliyemuona mtu uso kwa uso na kuamkiwa anapokea simu yake siku inayofuata. Kwenye makundi ya WhatsApp ya mradi muongeze, mfanye msimamizi, subiri siku chache watu wamzoee, ndipo utoke. Ukitoka kwanza wewe, wakulima wataendelea kukutumia meseji inboksi na kazi itakufuata hadi Mbeya.

Orodha ya wakulima 40 yenye namba za simu na za NIDA usiiambatanishe kwenye barua pepe ambayo bosi wako, mhasibu na watu wa Mbeya wote wamewekwa kwenye Cc. Hizo ni taarifa binafsi, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taja folda ilipo, na hakikisha folda hiyo inafunguliwa na wanaohusika tu.

Mafaili. Kosa la kawaida ni "yote yapo Google Drive, nimeku-shea". Kumshirikisha mtu faili si kumpa umiliki. Faili lililoko kwenye My Drive yako bado ni lako, na siku akaunti yako ikifutwa kabla hujalihamisha linakwenda nayo. Wewe unabaki kwenye asasi ileile, kwa hiyo hatari hiyo haiko mlangoni, lakini usiiachie akaunti ya mtu mmoja mafaili ya ofisi. Kama asasi inatumia Shared drives, hamishia huko, maana mafaili ya huko ni ya asasi na hayategemei nani yupo na nani hayupo. Kama haina, tumia Transfer ownership. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukihamisha umiliki wa folda, mafaili yaliyomo hayahami nayo, kila moja linabaki na mwenyewe. Na kama ulikuwa unafanyia kazi kwenye Gmail yako binafsi, ambalo nadhani kila ofisi yetu ina watu wanaofanya hivyo, huwezi kuhamishia umiliki kwenye akaunti ya ofisi. Itabidi upakue na upandishe upya kwenye akaunti ya kazi.

Kupima kama kazi imeisha ni rahisi. Mpe kaka yako kompyuta yake mwenyewe, aingie kwa akaunti yake, umwambie: nitafutie mkataba wa miche, orodha ya wakulima ya karibuni, na hati ya malipo ya ghala ya robo iliyopita. Wewe kaa kimya. Akikwama, hapo ndipo maelezo yako yana pengo. Mara nyingi utagundua kuna mafaili matatu yanayoitwa "orodha mpya", "orodha mpya 2" na "orodha mwisho kabisa". Chagua moja lililo sahihi, mengine yatie kwenye folda ya Zamani, na kwenye barua pepe andika njia kamili:

```
Ugavi > Parachichi > Wakulima > Orodha_40_22Sept
Ugavi > Parachichi > Mkataba
Ugavi > Ghala > Malipo
```

Usisahau vya kushika mkononi: kitabu cha kupokelea mizigo na namba ya ukurasa ulioishia, muhuri, funguo za ghala na nani ana nakala, jalada la mikataba halisi na kabati lake. Vitu hivi mpokeaji avihesabu na kusaini kwenye karatasi, barua pepe pekee haitoshi. Nywila usiziandike kwenye barua pepe kabisa. Muombe wa teknolojia amfungulie akaunti yake, na pale penye akaunti moja ya ofisi, badilisheni nywila mkiwa wote.

Halafu kuna laini ya simu. Asasi nyingi ndogo zina "namba ya ofisi" iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mfanyakazi mmoja, na kwenye hiyo namba ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za akaunti mbalimbali, pengine na fedha. Kama ni ya kwako, usiiache tu mezani ukaondoka. Muamala wowote utakaofanyika kwa laini hiyo unasomeka kwa jina lako. Mwambie bosi leo, asasi isajili laini kwa jina lake, mhamishe akaunti zote, ndipo hiyo ya zamani uifunge au uichukue. Hili linakula siku kadhaa, liweke mbele ya mengine yote.

Kuhusu umbo la barua yenyewe: kichwa kiseme kila kitu, "Makabidhiano: dawati la ugavi Makambako, kuanzia 1 Oktoba". Mistari mitatu ya juu ieleze nani anashika nini kuanzia lini, na mambo mawili yasiyoweza kusubiri. Kwako wewe ni risiti ya EFD na bei za malori. Kisha kazi, tarehe, watu, mafaili. Kurasa mbili zinatosha. Kwenye To awe kaka yako, kwenye Cc bosi na mhasibu. Wasambazaji waandikie ujumbe wao mfupi peke yao, hawana haja ya kuona bei za wenzao.

Rasimu mtumie siku tatu kabla ya kukutana, ili siku zile mbili ziende kwenye maswali yake. Nakala ya mwisho itume siku yako ya mwisho, na muombe ajibu kwa maneno yake mwenyewe: amepokea nini, na nini bado hakijakaa sawa. "Nimepokea, asante" haitoshi. Rudi kwake umuombe mistari miwili zaidi, kwa upole.

Mwisho weka mpaka wa wewe kusumbuliwa, na bosi mpya wa Mbeya awe anaujua: "Hadi tarehe 31 Oktoba nitajibu maswali kuhusu miche na ghala, WhatsApp, kuanzia saa kumi jioni. Baada ya hapo muulize mratibu wa mradi." Tarehe hiyo nimeichagua kwa sababu ndiyo siku jalada la malori linatakiwa liwe limefika Mbeya. Likifika, utaliona mwenyewe, maana utakuwa umekaa huku.